Mapigo Mia na Thelathini

Mjomba wangu amefundisha sayansi katika shule moja ya msingi kwa miaka ishirini na miwili, na miaka yote hiyo wanafunzi wamemwita Hebu Kwanza. Jina amelitafuta mwenyewe. Hafungui mlango, haonji mchuzi wala havuki barabara kabla ya kusema, "Hebu kwanza." Siku ya ndoa yake, alipoulizwa kama amekubali, alijibu hivyo hivyo, kisha akainama kufunga kamba ya kiatu. Mkewe, ambaye sisi tunamwita Mkaza Mjomba, anasema zile zilikuwa sekunde ndefu kuliko zote maishani mwake, na kwamba kiatu chenyewe hakikuwa kimefunguka.

Katika maisha haya ya uangalifu, Mjomba alikuwa na kitu kimoja alichokipenda waziwazi: maabara. Kilikuwa chumba cha mwisho upande wa kushoto wa shule, chenye milango miwili, meza nne ndefu, sinki isiyo na maji na saa ya ukutani. Juu ya kabati ulikaa moyo alioutengeneza kwa mikono yake: chupa nne za plastiki, mbili juu na mbili chini, zilizounganishwa kwa mipira, myekundu upande mmoja na ya buluu upande wa pili. Vali alizikata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Ukizibinya chupa mbili za chini kwa pamoja, vali zilijifunga ili maji yasirudi juu, na maji yakatoka kwa nguvu kwenye mipira yake. Ulivuja kidogo. Mjomba alikuwa akisema hakuna moyo wa mtu mzima usiovuja kidogo.

Shida ilianza na viti. Shule ilinunua viti vya plastiki mia moja na hamsini kwa ajili ya mikutano ya wazazi, na Mwalimu Mkuu, mama mwenye sauti ya kufikia geti bila kupiga kelele, hakuwa na pa kuviweka. Safu moja ikaletwa maabara "kwa wiki hii tu". Wiki iliyofuata zikaja safu tatu. Viti vile vilihamia kama mgeni anayetanguliza mkoba, kisha begi, kisha godoro. Mwishowe wanafunzi walifika mezani kwa kupita ubavu ubavu, na siku moja Mjomba akakuta mlangoni, chini ya neno MAABARA, mtu ameandika kwa chaki: STOO.

"Sijakufukuza, mwalimu," Mwalimu Mkuu alimwambia. "Lakini niambie, mara ya mwisho jaribio lilifanyika lini humu?"

"Hebu kwanza," alisema Mjomba, na akafikiri mpaka kengele ikalia.

Wakakubaliana mkaguzi wa shule aamue. Angekuja Jumatano. Akiona somo la vitendo limefanyika na matokeo yameandikwa ubaoni kabla ya kengele, chumba kingebaki maabara. Asipoona, kingekuwa stoo, na moyo wa chupa ungehamia nyumbani, ambako Mkaza Mjomba alishasema hauwekwi juu ya friji yake.

Mjomba akachagua somo la moyo na mzunguko wa damu: wanafunzi wahesabu mapigo yao wakiwa wamepumzika, wafanye mazoezi, wahesabu tena. Jambo rahisi lisilohitaji kemikali wala moto. Alijiandaa siku nne. Alipima kwa hatua umbali wa kutoka maabara hadi uwanjani: hatua ishirini na mbili. Aliziba mivujo miwili ya moyo. Kitu kimoja tu hakukisemea "hebu kwanza". Jumanne jioni redio ya Mkaza Mjomba ilizimika katikati ya mchezo wa kuigiza aupendao, naye akamwambia, "Baba, wewe si una betri nzuri kwenye ile saa yako ya shule?" Mjomba, kwa kutaka amani, akarudi shuleni, akachomoa betri ya saa, akaweka ile kuukuu ya redio. Saa ikaendelea kutembea, naye akaondoka ameridhika.

Jumatano mkaguzi alifika: bwana wa miaka hamsini na minne, tai imebana, saa kubwa mkononi, fomu kwenye ubao wa kuandikia. Alipewa kiti. Viti havikuwa tatizo.

Somo lilianza vizuri. Mjomba alibinya moyo wake wa chupa na kueleza kwamba upande wa kulia unapokea damu iliyorudi kutoka mwilini na kuisukuma kwenye mapafu ikachukue oksijeni, na upande wa kushoto unaipokea kutoka kwenye mapafu na kuisukuma mwili mzima. Pande zote mbili husukuma kwa wakati mmoja.

"Kila moyo ukisukuma, mshipa wa ateri unatuna kidogo, halafu unarudi," alisema. "Hilo ndilo pigo. Mnalipata hapa, kifundoni mwa mkono, upande wa dole gumba. Tumieni vidole viwili, cha shahada na cha kati. Msitumie dole gumba, lina pigo lake lenyewe, mtahesabu lisilo lenu."

Wanafunzi thelathini na wanane wakainamisha vichwa. Baada ya muda mkono mmoja ukapanda. Ulikuwa wa mvulana mrefu wa dawati la nyuma.

"Mwalimu, mimi sina."

"Huna nini?"

"Mapigo. Nimetafuta mikono yote miwili."

"Pole sana, marehemu," akasema msichana wa mbele, mwembamba, mwenye ulimi uliompatia jina la Sindano. Darasa likaangua kicheko, na mvulana yule akawa Marehemu kuanzia dakika ile. Leo ana mke na watoto wawili, na mkewe anamwita hivyo hivyo.

Mjomba hakutaka kupoteza muda. "Basi wewe uwe mtunza saa. Mshale mwembamba ukifika juu kwenye kumi na mbili, sema 'anza'. Ukizunguka ukarudi pale pale, sema 'simama'. Katikati usiseme kitu chochote, utawachanganya wenzako."

"Sawa, mwalimu."

"Chochote."

"Nimeelewa, mwalimu."

Marehemu akaikodolea macho saa ya ukutani. "Anza!"

Kimya kikatanda. Midomo ilihesabu bila sauti. Mjomba alitembea kati ya meza akiwasahihisha wenye dole gumba. Mkaguzi, ili kuwatia moyo watoto, alimpa Sindano mkono wake ampime. Walihesabu, wakahesabu, wakahesabu. Dakika ile ilikuwa ndefu, lakini dakika ya mtihani ni ndefu siku zote.

"Simama!"

Matokeo yakaandikwa ubaoni. Mia na ishirini na sita. Mia na thelathini na tatu. Mia na thelathini na moja. Msichana mmoja mnene mtaratibu, aliyekuwa akijumlisha kwa kichwa na kuitwa Kompyuta, akasema, "Wastani ni mia na thelathini, mwalimu."

Mjomba alikitazama kitabu chake. Kitabu kilisema mtoto wa umri ule aliyepumzika huwa na mapigo kati ya sabini na mia moja. Akajiambia kwamba ni woga wa kuona mgeni.

"Na mimi?" aliuliza mkaguzi.

Sindano alijikohoza. "Mia na arobaini, shikamoo."

"Ngapi?"

"Mia na arobaini. Lakini yalikuwa yanapiga vizuri tu."

Mkaguzi alilegeza tai. Akakaa wima zaidi, kama mtu aliyebeba mayai. "Nimepanda gari mpaka getini," alisema taratibu. "Sijakimbia. Nimekaa tu."

"Ndiyo maana tunafanya mazoezi sasa," alisema Mjomba haraka, "tuone yanavyopanda."

Zoezi alilokuwa amelipanga ni kuruka pale pale, lakini viti havikuacha nafasi ya mtu kuruka bila kuangusha kitu. Kwa hiyo akabadilisha: kila mtoto achukue kiti kimoja, akimbie nacho hadi uwanjani, akiweke, arudi kwa kingine, dakika tatu bila kupumzika. Mwalimu Mkuu alitoka ofisini kwake na kukuta viti vyake vikimwagika kwa milango yote miwili.

"Mwalimu! Hii ndiyo sayansi?"

"Ni mzunguko, Mwalimu Mkuu," alisema Mjomba. "Mzunguko wa damu."

Filimbi ilipolia, viti mia na ishirini vilikuwa uwanjani, na watoto walirudi wakihema, mashati yamegandana na migongo.

"Sasa sikilizeni," Mjomba aliwaambia. "Moyo ukiacha kazi unaanza kutulia mara moja. Tukihesabu dakika nzima tutakuwa tumechelewa. Hesabuni sekunde kumi na tano tu, halafu zidisheni kwa nne. Mtunza saa, mshale ukitoka kumi na mbili ukafika kwenye tatu, sema 'simama'."

Wakahesabu. Thelathini na moja mara nne. Thelathini mara nne. Kompyuta alitazama orodha mbili zilizokaa ubaoni sambamba, akakunja uso.

"Mwalimu, wastani ni mia na ishirini na nne."

"Kabla?"

"Hapana. Baada. Kabla ilikuwa mia na thelathini. Imeshuka."

Mjomba alihisi jasho la kwanza la siku ile, na yeye hakuwa amebeba hata kiti kimoja.

"Yaani," Sindano alisema, "tukikaa tunachoka, tukibeba viti tunapumzika?"

"Mimi nimekaa miaka mitano kwenye shule hii," alisema Marehemu. "Kumbe ndiyo maana mapigo yameisha."

Lakini mkaguzi alikuwa amesimama, macho yanang'aa. "Mwalimu, nimekagua shule kwa miaka kumi na tisa. Kila ninakoenda naonyeshwa majibu ya kitabuni. Sabini na mbili, sabini na mbili, hata kwa mtoto aliyetoka kucheza mpira. Leo kwa mara ya kwanza nimeona matokeo ambayo hayamo kitabuni! Nitayapeleka makao makuu." Akageuka kwa Mwalimu Mkuu. "Chumba hiki hakiguswi, mama. Wala watoto hawa wasikalishwe sana."

Mwalimu Mkuu, ambaye alikuwa kwenye kiti, aliinuka kidogo kidogo.

Hapo mambo yangeisha, na Mjomba angepata alichokuwa akikililia. Maabara ilikuwa yake. Alikuwa ameshafungua mdomo aseme asante, ndipo mkaguzi akavua koti.

"Mimi yangu ni mia na arobaini," alisema, akilitundika koti kwenye mpira wa buluu wa moyo wa chupa. "Siwezi kurudi nyumbani hivi. Viti vimebaki vingapi?"

"Thelathini, bwana mkaguzi, lakini..."

Alishachukua vitatu. Alikimbia hatua ishirini na mbili kwenda na ishirini na mbili kurudi, tai begani, watoto wakimshangilia mlangoni kama mfungaji wa bao. Alipokimaliza kiti cha thelathini aliegemea meza, akampa Sindano mkono. Marehemu akasema anza, akasema simama.

"Thelathini na nne," alisema Sindano.

"Mia na thelathini na sita," alisema Kompyuta.

"Imeshuka!" mkaguzi alifoka kwa furaha, kisha akakohoa. Uso wake ulikuwa wa rangi ya figo. Jasho lilidondoka kwenye fomu na kufuta neno "ukaguzi". "Manne... tayari. Nirudishieni... viti ndani. Nitabeba mpaka nifike... sabini na mbili."

Mjomba alimtazama mtu aliyekuwa akihema kama kiriba kilichotoboka, ambaye kwa mujibu wa ubao alikuwa ametulia kuliko alipokuwa amekaa. Akautazama ubao. Akakitazama chumba: meza nne, sinki, sakafu aliyokuwa hajaiona tangu mwaka uliopita. Akinyamaza, vyote ni vyake. Na mzee huyu atabeba viti mpaka aanguke.

"Hebu kwanza," alisema.

Akageuka kwa mtunza saa. "Ile mara ya kwanza, mshale ulizunguka vizuri?"

"Ulizunguka, mwalimu."

"Bila kusimama?"

Marehemu alifikiri. "Ulisimama kwenye tisa. Ulikuwa unatetemeka, unataka kupanda unashindwa. Nilidhani unapumzika."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulisema nisiseme kitu chochote. Ulirudia mara mbili."

Mjomba aliazima saa ya mkononi ya mkaguzi, akaishika kando ya ile ya ukutani. Darasa zima likatazama. Mshale ulitoka kumi na mbili ukashuka hadi tatu bila shida, ukapita sita, ukaanza kupanda kwa kujikongoja, na ulipofika tisa ukakwama, ukitikisika kama mzee kwenye ngazi. Sekunde zilipita kwenye saa ya mkaguzi. Hatimaye mshale ukajitupa mbele na kumaliza safari.

"Sekunde mia moja," alisema Mjomba. "Dakika yetu ya kwanza ilikuwa na sekunde mia moja. Tulihesabu mapigo mengi kwa sababu tulihesabu kwa muda mrefu. Lakini baada ya mazoezi tulitumia kuanzia kumi na mbili mpaka tatu, ambako mshale unateremka, na hapo saa ni nzima. Bwana mkaguzi, hakuna ugunduzi. Kuna betri mbovu. Na niliyeiweka ni mimi."

"Wewe?" alisema Mwalimu Mkuu.

"Jana jioni. Nzuri iko kwenye redio ya mke wangu."

Hakuna aliyecheka, jambo lililomuumiza zaidi. Kompyuta alikuwa tayari na hesabu zake: "Mia na arobaini ya sekunde mia ni themanini na nne ya dakika. Bwana mkaguzi, ulikuwa mzima. Mpaka ulipoanza kubeba viti."

Mkaguzi alikaa chini kama gunia. Aliposema, sauti ilikuwa ya mtu aliyenyang'anywa kitu. "Basi hakuna matokeo. Fomu inataka matokeo sahihi kabla ya kengele."

"Zimebaki dakika kumi na mbili," alisema Mwalimu Mkuu, akaanza kukitazama chumba kwa macho ya kupanga viti.

"Zinatosha," alisema Mjomba, kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwake. "Kaeni. Dakika tano, kimya, msicheke, msigusane. Moyo utulie."

Sijui kama kuna shule nyingine ambako watoto thelathini na wanane wameketi kimya dakika tano bila kutishwa. Mkaguzi naye aliketi nao, mikono magotini. Kisha, kwa saa ya mkaguzi, sekunde kumi na tano mara nne: themanini, themanini na nne, sabini na sita. Wastani themanini. Mkaguzi, themanini na nane.

"Sasa zoezi lile lile," alisema Mjomba. "Kiti kimoja kimoja, dakika tatu."

"Viti viko nje," alisema Sindano.

"Wavirudishe ndani," alisema Mwalimu Mkuu, uso umechangamka.

Mjomba alitoka mlangoni, akautazama uwanja. Akaenda penye viti, na kutoka hapo akahesabu hatua kuelekea upande wa pili. Ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili. Hatua ya mwisho ilimfikisha kwenye mlango wa ofisi ya Mwalimu Mkuu.

"Chumba chetu lazima kibaki wazi wapate pa kukaa na kuhesabu," alisema kwa unyenyekevu mkubwa. "Na umbali usibadilike. Ukibadilika, matokeo hayafanani. Ni sayansi tu, Mwalimu Mkuu."

"Bwana mkaguzi!" alilalamika mama yule.

Mkaguzi aliangalia fomu yake, kisha saa. "Umbali usibadilike," alisema. "Anzeni."

Hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Viti viliingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu kwa kishindo, vikajaa nyuma ya meza, juu ya meza, dirishani. Filimbi ilipolia, watoto walirudi mbio maabara, vidole viwili kifundoni. Thelathini na mbili mara nne. Thelathini na tatu mara nne. Kompyuta aliandika ubaoni mwenyewe: kabla, themanini, baada, mia na ishirini na nane.

"Kwa nini imepanda?" mkaguzi aliuliza darasa, kalamu tayari.

Akajibu Marehemu, ambaye alikuwa amebonyeza kifundo chake kwa nguvu zote na kubaki mdomo wazi. "Kwa sababu misuli inataka oksijeni zaidi na chakula zaidi, na taka zake ziondolewe, kwa hiyo moyo unasukuma haraka haraka. Mwalimu, ninayo! Yanapiga!"

Kengele ikalia. Mkaguzi akaweka alama kwenye kisanduku cha "maabara", akalichukua koti lake kwenye mpira wa buluu. Lilikuwa limelowa. Alisema hakuna neno.

Mwalimu Mkuu alibaki amesimama kwenye mlango wa ofisi yake, mbele ya ukuta wa plastiki.

"Na mimi," alimwuliza Mjomba, "nikakae wapi?"

Mjomba alivitazama vile viti mia moja na hamsini, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaondoka bila kufikiri kwanza.

Nyumbani alimkuta Mkaza Mjomba sebuleni, sikio limeegemea redio. Akamsimulia yote, tangu moyo wa chupa mpaka fomu, kisha akanyoosha mkono aombe betri yake.

"Hebu kwanza," alisema Mkaza Mjomba. "Mchezo haujaisha."